Mtama, Wimbi na Mahindi: Namna ya Kuyatambua Katika Picha za Mashamba ya Migori na Homa Bay

Miongoni mwa kazi mpya zilizowafikia vijana wa Migori na Homa Bay katika miaka hii, imo kazi ya kuzipa picha za mashamba majina ya mazao yaliyomo. Na kazi hiyo, ijapokuwa mtu aliyezaliwa Ndhiwa au Nyatike huidhania kuwa ni jambo la kutazama mara moja na kuandika, ina mitego ambayo hata mkulima mwenye mvi, akipewa picha badala ya shamba, huweza kunaswa. Mkulima akiwa shambani huinama, hushika jani, hufukua udongo kwa kidole, na aghalabu hujua jirani yake alipanda nini na lini. Lakini mwenye picha hana ila nuru na vivuli, tena mara nyingi picha yenyewe imepigwa kutoka barabarani, juu ya pikipiki, vumbi likitimka. Catherine Nakalembe, mtaalamu wa Uganda aliyepewa Tuzo ya Chakula ya Afrika mwaka 2020 pamoja na André Bationo wa Burkina Faso, yeye na wenzake wametumia kamera zilizofungwa kwenye kofia za waendesha pikipiki na kwenye magari, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi walimofanya hivyo, ili picha za kando ya njia ziwe shahidi wa kufasiri zile zinazopigwa na setilaiti kutoka angani. Basi shahidi huyo akisema mahindi mahali palipo na mtama, kosa lake halibaki katika shamba lile moja, bali huchukuliwa na ramani hadi mashamba mengine yote yenye sura kama yake.

Yote nitakayoyasema yanarejea kwenye rai moja. Zao halijulikani kwa urefu wala kwa rangi ya majani. Mche hujulikana kwa mbegu iliyosalia chini yake na kwa namna jani lake linavyotoka na kukunjuka. Mmea uliokomaa hujulikana kwa mahali punje zake zinapokaa. Na picha isiyoonyesha lolote kati ya hayo haistahili kupewa jina, hata kama moyo wa mtazamaji umekwisha kutoa hukumu.

Kwanza tuelewane juu ya mazao yenyewe. Mahindi yamo kila mahali, kutoka Oyugis hadi Isebania. Mtama hupatikana zaidi katika nchi ya chini iliyo karibu na ziwa, upande wa Karungu, Mbita, Kendu Bay na bonde la Lambwe, ambako mvua ni chache na mahindi huungua mara kwa mara. Wimbi hupandwa zaidi katika nchi ya juu, Kuria na sehemu zinazopakana na Kisii, ingawa vipande vyake vidogo huonekana kwingineko. Ama uwele, huo ni nadra sana huku. Nchi yake hasa katika Kenya ni Tharaka, Mbeere na Kitui. Nautaja kwa sababu orodha nyingi za majina zina kisanduku kimoja tu cha wimbi na uwele pamoja, na mtu aliyejifunza kwa kutazama picha za uwele kutoka nchi nyingine hulitafuta suke lake refu, nene na la mviringo katika mashamba ya Kuria, asilione, kisha akaandika kwamba wimbi hakuna, ilhali umejaa mbele ya macho yake.

Tuanze na wimbi, kwa kuwa mche wake hutengana upesi na miche ya wenzake wawili. Katika majuma mawili ya kwanza ni nyasi tu machoni pa mtu, jani jembamba la upana wa milimita chache. Lakini lina alama moja thabiti ambayo picha nzuri ya karibu huionyesha. Jani changa la wimbi hutoka likiwa limekunjwa mara mbili kwa urefu wake, nusu juu ya nusu, kwa hiyo shina la mche limebanwa ubavuni, likitazamwa upande mmoja ni pana na upande wa pili ni jembamba. Jani changa la mtama na la mahindi halikunjwi hivyo, bali huviringishwa, na kwa sababu hiyo shina la mche hutoka likiwa la duara au karibu na duara, na moyo wa mche ukiutazama kutoka juu unaona majani yamezungukana kama karatasi iliyosokotwa. Mwenye kuijua tafauti hii hatachanganya wimbi na mtama hata siku moja.

Ila atachanganya wimbi na gugu, na hapo ndipo penye taabu ya kweli. Wimbi una jamaa zake wa mwituni, nao hukunja majani yao vilevile, humea katika mashamba yaleyale na kwa mvua ileile, na wengine hufanana nao hata mkulima huwaacha mpaka watoe masuke ndipo awang'oe. Mmoja wao, yule anayeota pia njiani na katika nyua za watu, hujitambulisha kwa kulaza machipukizi yake chini akitandaa pande zote, na kwa shina lake la chini ambalo ni jeupe la kung'aa mithili ya fedha. Wimbi husimama zaidi na shina lake ni kijani. Hata hivyo sitamshauri mtu ategemee weupe wa shina katika picha iliyopigwa saa sita za mchana, wakati kila kitu huonekana cheupe. Atafute mstari. Wimbi uliopandwa kwa mistari, aghalabu sentimita 30 baina ya mstari na mstari, hujieleza wenyewe, kwa maana gugu halijui kamba. Lakini wimbi uliomwagwa kwa mkono, kama wafanyavyo wengi, hautoi ushahidi huo, na katika hali hiyo mwenye picha aandike wimbi ikiwa tu mwenye shamba ameulizwa naye amejibu.

Sasa tufike kwenye mtama na mahindi, ambapo makosa ni mengi zaidi. Wengi wamefundishwa kuwa jani la kwanza la mahindi lina ncha ya duara, si kali kama majani yanayolifuata. Na hilo ni kweli, na lafaa sana kutenganisha mahindi na nyasi. Lakini jani la kwanza la mtama nalo lina ncha ya duara. Kwa hiyo mtu anayeona ncha ile butu katika picha na kuandika mahindi, amethibitisha tu kwamba alionalo si gugu la kawaida, hajathibitisha zaidi. Wengine wameambiwa watazame nywele, kwa maana jani la mahindi lina nywele fupi juu ya uso wake na la mtama ni tupu, isipokuwa karibu na shingo yake. Hili pia ni kweli, ila kuna sharti ambalo husahauliwa: majani matano ya kwanza ya mahindi, au karibu na hayo, hayana nywele hizo usoni, yana nta tu, nywele huanza kuonekana kwenye jani la sita au la saba na kuendelea. Mche wenye majani manne usio na nywele hausemi kuwa ni mtama. Unasema kuwa ni mchanga.

Shahidi wa kuaminika wa umri huo yuko chini ya udongo. Mbegu za mazao haya hazitoki juu pamoja na mche kama maharagwe, bali hubaki zilipofukiwa, na ganda lake huendelea kushikamana na mizizi kwa majuma mawili hivi, pengine zaidi kidogo. Punje ya mahindi ni kubwa na bapa. Punje ya mtama ni duara, upana wake kama milimita 4, kahawia ikiwa ni Seredo, Serena au Ochuti, nyeupe ikiwa ni Gadam. Hakuna jicho litakalozichanganya. Lakini mtu asing'oe mche wa watu bila ya idhini, na kwa bahati njema aghalabu hana haja: mtama uliopandwa kwa kumiminwa mfereji mzima nyuma ya jembe la ng'ombe hupunguzwa katika juma la pili au la tatu, na miche iliyopunguzwa hutupwa baina ya mistari au kwenye kingo za shamba, mizizi yake ikiwa wazi na mbegu yake bado imeng'ang'ania. Piga picha ya ile iliyotupwa, pamoja na picha ya shamba, mahali pamoja na wakati mmoja, na utakuwa na jambo ambalo hakuna picha ya barabarani iwezayo kulitoa. Ila ujue kwamba mche uliotupwa ni shahidi wa nafsi yake tu. Wakulima wa ufukwe wa ziwa huziba mapengo ya mtama kwa mahindi, na ya mahindi kwa mtama, hivyo tazama miche kadhaa kabla ya kuliandikia shamba zima.

Mbegu ikikosekana, zipo dalili za daraja la pili, ambazo kila moja peke yake ni dhaifu na zikikutana hupata nguvu. Jani la mahindi ni pana zaidi kuliko la mtama wa umri uleule, na shina lake la chini ni nene zaidi. Lakini mahindi yaliyodhoofika kwa udongo mbaya huwa membamba, kwa hiyo pima mmea na jirani yake, usiupime na picha ya kitabu. Mtama hutoa machipukizi ya ubavuni mapema, mahindi aghalabu hayatoi. Dalili ninayoipenda kuliko nyingine zote ni jeraha. Jani la mtama wa aina nyingi likichubuliwa, likiumwa na mdudu au likishikwa na ugonjwa, mahali palipoumia huzungukwa na wekundu wa damu ya mzee au zambarau, doa lenye mpaka wake. Jani la mahindi likiumia mahali pale hukauka tu na kuwa njano au hudhurungi. Katika picha iliyokuzwa madoa hayo huonekana wazi. Lakini hadhari: mahindi yanayokosa fosforasi, jambo la kawaida katika udongo uliochoka, nayo hugeuka zambarau, na mtazamaji mwenye haraka huyaita mtama. Zambarau ya njaa hiyo hushika ncha na kingo za jani na kupanda taratibu bila ya mpaka. Wekundu wa jeraha hukaa pale palipo na jeraha.

Na kwa kuwa nimetaja wadudu, kuna dhana moja inayopasa kuondolewa. Tangu viwavijeshi vamizi vilipoingia Kenya mwaka 2017, watu wamezoea kuona majani yaliyotobolewa na moyo wa mmea uliojaa kinyesi kama machujo ya mbao, nao huona ishara hiyo na kuandika mahindi papo hapo. Viwavi hao hula mtama pia. Tundu la jani linamtambulisha mdudu, halitambulishi mmea. Kadhalika kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi, halitumiki kama hoja ya kuchagua baina ya mahindi na mtama, maana huyaua yote mawili, na wimbi hausalimiki nalo.

Kati ya umri wa mche na umri wa suke, sina mengi ya kusema isipokuwa kuwatahadharisha wanaofanya kazi Awendo na Uriri kuwa miwa michanga, ikitazamwa kutoka barabarani, huitwa mahindi au mtama kila siku. Muwa hupandwa kwa vipande vya bua, si kwa mbegu, kwa hiyo huchipuka kwa mafungu katika mistari iliyoachana kwa zaidi ya mita moja. Na urefu usiutumie kabisa: Gadam hukomaa ikiwa imemfikia mtu kiunoni au kifuani, ilhali mitama ya kienyeji humpita mtu aliyesimama.

Masuke yakitoka, kazi inakuwa nyepesi zaidi, ingawa haikosi mitego. Kanuni ni moja: mtama huweka punje zake kileleni, mahindi huziweka ubavuni, katika bunzi lililofunikwa kwa maganda, na kilele chake kina mbelewele tu ambayo ni ya kutoa chavua. Kosa kubwa hutokea katika zile siku chache ambapo mbelewele imetoka na bunzi halijaonekana, kwa sababu kutoka mbali mbelewele changa na suke changa la mtama hufanana, na yote mawili huning'iniza vijifuko vya njano vya chavua. Kuza picha utazame matawi. Mbelewele ina tawi moja la kati lililo nene kuliko mengine, na pembeni matawi marefu, membamba, yaliyoachana, unayoweza kuyahesabu. Suke la mtama lina matawi mafupi mengi yaliyojaa kuzunguka mhimili wake, hata yale ya aina zilizolegea. Kisha teremsha jicho hadi katikati ya bua: ukiona nyuzi za mahindi zikichungulia katika kwapa la jani, shauri limekwisha.

Kuna hali mbili ambapo kanuni hiyo yenyewe hudanganya. Ya kwanza ni machipukizi ya mahindi, yale yanayotoka chini ya bua kubwa katika shamba lenye rutuba au pembezoni mwa shamba, ambayo mara nyingine hutoa punje juu ya mbelewele yao. Mtu akiona punje kileleni hukata kauli kuwa ni mtama. Tazama punje: ni za mahindi, kubwa, zimepangana, hazina maganda ya kuzifunika, na bua mama liko palepale likiwa na bunzi lake. Ya pili ni mtama ulioliwa na ndege. Kwelea kwelea wakishukia Gadam, ambayo haina uchungu wa kuwazuia kama mitama ya kahawia, huacha suke tupu la makapi, na katika picha suke hilo huweza kupita kama mbelewele iliyokauka. Hapo tena jawabu limo ubavuni: kama bua halina bunzi wala alama ya bunzi kuvunjwa, ni mtama.

Suke la wimbi halina mfano wake. Ni vidole kadhaa vinavyotoka karibu mahali pamoja juu ya bua jembamba, na mara nyingi kimoja kimejitenga chini kidogo. Aina nyingine hukaa wazi, nyingine hujikunja ndani kama ngumi, na zile za ngumi ndizo zinazowapotosha watazamaji wa picha za mbali, kwa kuwa huonekana kama fundo la hudhurungi lisilo na umbo. Jamaa zake wa mwituni nao wana vidole, ila vyembamba, na mbegu zao hupukutika zikishaiva. Wimbi hushikilia punje zake mpaka ukatwe na upurwe.

Nichukue sasa picha moja ya mfano, ya aina inayowashinda watu. Ni katikati ya Aprili, shamba liko upande wa Karungu, mvua za masika zimeanza tangu Machi, na picha imepigwa kutoka njiani. Mistari ni ya jembe la ng'ombe, miche imefika chini ya goti, majani ya mstari wa mbele ni mapana, baadhi yametobolewa. Mtu wa kwanza ameandika mahindi. Tukuze picha. Mstari wa mbele kweli una majani mapana na shina nene, mche mmojammoja, umbali wa hatua ndogo. Lakini nyuma yake majani ni membamba zaidi, miche imesongamana, na mingine ina chipukizi ubavuni. Majani ni matano hivi, kwa hiyo hatutafuti nywele. Katika majani membamba yaliyotobolewa, kingo za matundu zina wekundu. Katika yale mapana kingo zimekauka tu. Hadi hapa tuna dhana yenye nguvu, si yakini. Ikiwa aliyepiga picha alishuka akapiga na ukingo wa shamba, tutaiona miche iliyopunguzwa, na punje ndogo ya kahawia kwenye mizizi yake, nayo ndiyo inayotupa haki ya kuandika: shamba la mtama, lenye mahindi katika mstari wa mpakani na katika mapengo. Ikiwa hakushuka, tuandike kwamba kuna mazao mawili yaliyochanganywa na la pili halijathibitishwa, tusiandike mahindi kwa kuwa tu mahindi ndiyo yaliyokuwa karibu na kamera. Mstari wa mpakani, ule unaotazama njia, ndio unaoonekana zaidi katika picha za barabarani na ndio unaowakilisha shamba kwa uchache zaidi.

Kwa hiyo ninawasihi wapiga picha wapige tatu kila wasimamapo: moja ya shamba zima kutoka ndani ya mpaka, si kutoka njiani, moja ya mmea mzima kutoka ubavuni, kamera ikiwa chini, ili kwapa za majani zionekane, na moja ya karibu, ya shina na udongo wakati wa mche, au ya suke wakati wa suke. Saa za asubuhi kabla ya jua kupanda ni bora, maana wekundu wa majeraha huonekana ulivyo na majani ya mahindi na mtama hayajajikunja kwa joto. Yakijikunja, upana wa jani hauna maana tena. Waandike mahali kwa simu, ili mtu aweze kurudi penyewe, si kwa jirani.

Na kurudi huko ndiko ninakokuhimiza kuliko yote. Shamba lile la Karungu likitazamwa tena mwezi wa Juni, mstari wa mbele una mabunzi na mistari ya nyuma ina masuke, na hakuna wa kubishana. Ichukue hukumu hiyo ya Juni uiandike juu ya picha ya Aprili ya mahali palepale, mstari kwa mstari, kwa maana picha za miche zilizothibitishwa na masuke yake ni chache mno katika makusanyo yote, na ndizo zitakazowafundisha watakaokuja kutazama miche ambayo hakuna aliyerudi kuiona ikikomaa.